Idi yetu, Majengo

Assalaam alaykum jamaa, marafiki na majirani. Idd Mubarak. Taqabbalallahu minna wa minkum.

Picha hii ilikuwa ya kundi la ukoo tu. Bibi ya watoto, yule wa Mombasa, ndiye aliyesema kwamba waliomwombea mwanawe wana haki ya kumwona amekaa kitako, na neno la mama mkwe halipingwi siku ya Idi. Basi huyo hapo katikati, Baba Watoto, kofia kichwani na tabasamu lake la upande. Amekaa kwa sababu mguu haujakubali kusimama muda mrefu. Magongo tuliyasukuma nyuma ya mlango, lakini mkitazama kona ya kushoto mtaona ncha moja inachungulia.

Mnajua Rajabu ilivyotuingia. Boda ilimgonga akitoka kazini, na kabla sijafika hospitali mlishafika. Waliotoa damu, walioleta uji wa asubuhi, waliolala kwenye benchi la nje ili mimi nirudi kwa watoto. Simu yangu ikawa inalia usiku kucha: mia mbili, hamsini, elfu, nyingine bila hata jina ninalolijua. Sikuwahi kumjibu kila mtu. Aliyetuma hamsini ajue iliingia, na ilifanya kazi.

Kuna jambo nitalisema hata kama wenyewe watanikasirikia. Wenzake wa Gikomba walifungua kibanda chake kila asubuhi, wakauza nguo zake kando ya zao, na jioni mmoja wao akaja na hesabu imeandikwa kwenye kikaratasi. Hata zile kamera, nguo za kwanza kabisa kutoka kwenye beli, ambazo kila mchuuzi anazitolea macho, ziliuzwa kwa bei yake na pesa zikafika mlangoni. Mwenye kuijua Gikomba anajua hilo ni jambo la kiasi gani. Majina siyataji, nimekatazwa.

Sasa nguo, maana najua macho yenu. Madera ya wasichana ni kitambaa alichokuwa nacho shangazi yao, na fundi wetu hapa mtaani aliyashona bila kutaka ujira. Alikuwa bado anapiga lupu tukisikia Kadhi Mkuu ametangaza mwezi umeandama. Kanzu ya mdogo ni ya kaka yake. Mikono imekunjwa ndani na kushikwa kwa pini, ndiyo maana amesimama kama askari: nilimwambia akijikuna itamchoma. Viti viwili ni vya jirani. Lile sinia kubwa la pilau pia la watu, na wali wenyewe ulipikwa na mikono mingi, mimi nilikuwa wa kukaanga vitunguu na kupiga kelele tu.

Aliyepiga picha ni jirani yetu wa juu, ambaye sikukuu zake ni Krismasi na Pasaka. Aliacha nguo kwenye karai, akafuta povu mikononi, akatupanga mara tatu mpaka mtoto akaanza kulia. Ramadhani nzima alikuwa akiniangalizia sufuria za futari nikienda kumbadilisha mgonjwa bendeji. Mungu amzidishie.

Mwaka huu Baba Watoto hakwenda uwanja wa Sir Ali. Aliswali papa hapa msikiti wa mtaa, kwenye kiti, na wavulana wakaenda na ami yao. Walirudi na mifuko imejaa mkono wa Idi kutoka kwa wazee waliokutana nao njiani. Wazee wetu, mnawaharibu hawa watoto, na ahsanteni.

Najua pia wapo ambao Idi hii imewakuta na tanga, au hospitalini, au mfukoni hamna kitu. Kwa ajili yenu nilisita kuweka picha. Kama mna siku nzito, msiandike chochote hapa, nipigieni tu au mje moja kwa moja, mlango mnaujua. Ubwabwa upo, na kaimati nitazipika tena baada ya alasiri.

Ambaye sikumshukuru kwa mkono, anisamehe, nitapita kwake siku hizi za mfungo mosi.

Na tafadhali: sufuria kubwa yenye mfuniko wa bluu na kikombe kidogo cha kupimia mchele vimebaki kwangu tangu juzi. Nimeviosha. Mwenyewe aje avichukue kabla watoto hawajaanza kukipigia mpira hicho kikombe.