Goti: Muswada wa Filamu ya Sekunde 45

Mahali: Birere, Goma, kwenye uchochoro ulio kando ya depo ya maharage. Ni alasiri, manyunyu yamekatika sasa hivi, na ardhi ni ile nyeusi ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ikiwa bado imelowa. Video inachukuliwa kwa simu iliyosimamishwa wima.

Wahusika: Mama Furaha, muuza viazi mwenye umri wa miaka hamsini hivi, Heri, kijana mwenye chukudu, yaani chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, Neema, muuza chipsi, Mzee Bahati, mlinzi wa depo, na Justin, muuza yunite za simu, ambaye amevaa suruali ya kaki iliyofuliwa vizuri na kubeba mkoba mdogo begani.

SHOTI YA 1 (sekunde 0 hadi 5)

Kamera iko chini, kwenye kimo cha goti, na haisogei. Tunaona miguu ya watu watatu waliosimama kwa safu bila kuona nyuso zao: kushoto ni kitenge na kandambili za Neema, katikati ni suruali ya kaki ya Justin, kulia ni mabuti ya mpira ya Mzee Bahati. Kiazi kimoja kinaingia kutoka kushoto, kinabingirika polepole mbele ya miguu yote, kisha kinagonga buti la Mzee Bahati na kusimama. Tunasikia mlio wa kiazi juu ya mawe, na juu yake sauti ya Mama Furaha, ambaye haonekani.

MAMA FURAHA: Gunia langu liko wapi?

Kwenye goti la kulia la Justin kuna alama nyeusi yenye mistari ya kupindapinda, upana wa kiganja, na kiatu chake cha kushoto kimerukiwa na matope ilhali cha kulia ni kisafi. Hiyo ndiyo siri yote ya filamu, nayo inakaa wazi katikati ya fremu kwa sekunde tano kamili. Mwenye kamera asiikaribie, asiibadilishie mwanga, wala asifuate kiazi kwa lenzi. Jicho la mtazamaji litakifuata lenyewe, na ndiyo maana kiazi kinaishia kwa mtu asiye na hatia. Goti lisiwe sehemu ya chini kabisa ya kioo, kwa kuwa maandishi ya mtandao hufunika pale, na mtazamaji aliyefichwa dalili ana haki ya kulalamika. Muziki usiwepo.

SHOTI YA 2 (sekunde 5 hadi 10)

Mama Furaha, kuanzia kiuno kwenda juu. Nyuma yake, ukutani, kuna magunia mawili, na kati yake pengo la mahali pakavu palipobaki na umbo la gunia la tatu.

MAMA FURAHA: Viazi vya Masisi, gunia zima! Nimejikinga mvua kidogo tu, narudi, halipo.

Pale pakavu paonekane vizuri, kwa sababu panatuambia kwamba gunia liliondolewa mvua ikiwa imekwisha au inakaribia kwisha.

SHOTI YA 3 (sekunde 10 hadi 14)

Neema, mikono yake ikiwa na udongo wa viazi, karai la mafuta likichemka nyuma yake.

NEEMA: Mama, viazi hivi nimenunua kwako asubuhi. Umesahau?

SHOTI YA 4 (sekunde 14 hadi 18)

Mzee Bahati ameshika kiazi kile kile na anakigeuzageuza. Funguo za depo zinaning'inia kiunoni.

MZEE BAHATI: Mgongo huu, mwanangu, unaweza kubeba gunia?

Mwigizaji aseme bila kutabasamu. Uzito wa gunia ndio unaotupeleka kwenye chukudu, na mzee ndiye anayetupeleka huko pasipo kujua.

SHOTI YA 5 (sekunde 18 hadi 23)

Justin amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli wake, mkoba ukiwa juu ya mapaja na kufunika magoti yote mawili, kama wauzaji wengi wanavyokaa. Asionyeshe wasiwasi, ni mtu anayehesabu noti zake.

JUSTIN: Sijatoka chini ya mwavuli huu, Mama. Mvua yote nilikuwa hapa.

Huu ndio uongo pekee katika filamu. Anayekumbuka shoti ya kwanza anajua tayari, kwa maana matope hayaruki juu ya kiatu cha mtu aliyeketi mahali pakavu.

SHOTI YA 6 (sekunde 23 hadi 29)

Chukudu ya Heri imeegemea ukuta, magurudumu ya mbao yakiwa yamelowa, uzi wa gunia umenasa kwenye msumari. Mama Furaha anaigeukia, kisha anamgeukia Heri.

MAMA FURAHA: Chukudu ni yako!

HERI: Nilijikinga nawe, Mama, chini ya bati moja. Niliiacha ikitazama barabara. Nani ameigeuza?

Mama ananyamaza. Sura yake ionyeshe kwamba amekubali, kisha tuendelee upesi.

SHOTI YA 7 (sekunde 29 hadi 35)

Karibu sana: ubao wa chukudu, mahali pa kuweka goti. Heri amepigilia hapo kipande cha tairi kuukuu, meno ya tairi yakiwa juu ili goti lisiteleze. Mistari ya kupindapinda imejaa vumbi jeusi lililogeuka tope. Kidole cha Heri kinapita juu yake, kinatoka cheusi.

HERI: Anayesukuma chukudu hupiga goti moja hapa, na mguu wa pili unakanyaga chini.

Anayejua chukudu hahitaji maelezo hayo, lakini filamu itatazamwa pia na watu wa Lubumbashi na Dar es Salaam. Kitendo kiwe ndicho kinachosomeka: Heri apige goti lake la kulia hapo akisema, na mguu wa kushoto usukume mara moja. Wapangaji wa vifaa wahakikishe kwamba alama ya kwenye suruali imechapwa kwa kipande hiki hiki cha tairi, wala haikuchorwa kwa mkono, kwa kuwa mtu atasimamisha video na kulinganisha.

SHOTI YA 8 (sekunde 35 hadi 40)

Kamera inarudi kimo cha goti. Neema na Mzee Bahati wamesimama. Justin bado ameketi. Heri anaingia kwenye fremu.

HERI: Kaka Justin, simama kidogo.

Justin hasimami. Mzee Bahati anainama na kuuondoa mkoba taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Alama ya tairi juu ya kaki. Sekunde moja ya kimya.

SHOTI YA 9 (sekunde 40 hadi 45)

Uso wa Justin, kisha wa Mama Furaha, katika fremu moja.

JUSTIN: Liko nyuma ya depo, Mama.

MAMA FURAHA: Vizuri. Na goti limeshachafuka. Utalisukuma gunia mpaka kwangu Majengo.

Neema anaangua kicheko. Heri anamsogezea Justin chukudu. Kata.