Mchoro wa tai ya kipepeo: petroli kwenye Tangi Na. 4, bohari ya Kigamboni

Mchoro huu unabandikwa ukutani kwenye chumba cha kuongozea na unasomwa na zamu zote tatu kabla ya meli ijayo. Upande wa kushoto kuna yanayoweza kuifungulia petroli, katikati ni petroli ikiwa nje, na kulia ni yatakayofuata. Kizuizi tumekiandika pale tu penye kitu kinachoona tatizo, kinachoamua na kinachotenda, au kinachozuia kwa kusimama tu, kama ukuta na nguzo. Ndiyo maana mafunzo hayamo, wala kibao cha "Usivute sigara". Ni vitu vizuri, ila havifungi valvu.

```
MATISHIO              TUKIO KUU         MATOKEO
M1 kujaa kupita --|            |-- W1 wingu la mvuke kulipuka
M2 valvu ya maji -|  PETROLI   |-- W2 dimbwi kuwaka
M3 kutu ya sakafu-|-- NJE YA --|-- W3 petroli mferejini, baharini
M4 gari, bomba ---|   TANGI    |-- W4 watu kuja na ndoo
   (vizuizi K)                     (vizuizi P)
```

Hatari yenyewe: petroli, hadi lita milioni 4.4, kwenye tangi la kipenyo cha mita 20. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi, hutambaa chini na kujaa mashimoni, na hewa ikiwa na asilimia 1.4 tu ya mvuke huo inatosha kuwaka.

M1. Tangi kujaa kupita kiasi wakati wa kupokea meli

Tishio hili ndilo linalotunyima usingizi, kwa hiyo hesabu yake ikae wazi. Kila sentimita ya tangi hili ni mita za ujazo 3.14. Meli ikisukuma mita za ujazo 600 kwa saa, petroli inapanda sentimita 3.2 kila dakika. Kiwango cha kawaida cha kusimamisha ni mita 14.00. Kengele ya juu inalia 14.40. Swichi ya juu kabisa inakata 14.70. Petroli inaanza kumwagika 15.30. Kutoka kengele hadi swichi ni dakika 9, na kutoka swichi hadi kumwagika ni dakika 18 na ushee. Anayekwenda kunywa chai kengele ikilia, ajue muda huo ndio alioubeba.

K1. Hesabu ya nafasi kabla ya kupokea. Opereta wa zamu anapima kwa dipu, siyo kwa skrini peke yake, na msimamizi wa bohari anasaini. Meli haipewi ruhusa kama nafasi haitoshi.

K2. Geji ya kujiendesha yenye kengele ya 14.40. Opereta anawasiliana na meli kwa redio wasimamishe pampu, au anafungua Tangi Na. 5 kwanza ndipo anafunga Na. 4. Usifunge valvu huku meli bado inasukuma: msukumo ukirudi nyuma utapasua bomba, na utakuwa umetoka M1 ukaingia M4. Kinachodhoofisha: geji kuganda. Kwa hiyo kila nusu saa opereta anaandika kimo kwa mkono na kukilinganisha na hesabu. Petroli inaingia na namba haisogei? Hiyo ni dharura, siyo "skrini imegoma".

K3. Swichi ya juu kabisa, isiyotegemea geji wala waya wake. Inafunga valvu ya kuingilia yenyewe, polepole, ndani ya dakika 3. Fundi wa vipimo anaipima kila baada ya miezi mitatu.

Wanaouliza kwa nini tunahangaika na swichi moja, wakumbuke Buncefield, Uingereza, Desemba 11, 2005. Tangi 912 lilikuwa linapokea petroli usiku. Saa 9 hivi usiku geji ikaganda, namba ikasimama, petroli ikaendelea kupanda. Geji hiyo ilikuwa imeganda mara 14 tangu mwisho wa Agosti. Swichi huru nayo haikufanya kazi: ilikuwa na mkono wa kupimia uliohitaji kufuli ili ukae mahali pake, na waliokuwepo walidhani kufuli ni ya kuzuia watu kuuchezea, wakaiacha. Zaidi ya mita za ujazo 250 zilimwagika kabla ya mlipuko wa saa 12 na dakika moja asubuhi. Watu 43 walijeruhiwa. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa ilikuwa Jumapili alfajiri.

M2. Valvu ya kutolea maji kuachwa wazi

K4. Mtoa maji haondoki hapo mpaka amalize. Akiitwa, anafunga kwanza. K5. Valvu ina mkono wa springi unaojifunga ukiuachia. Tuliwahi kukuta mkono umefungwa kwa waya "ili mtu apumzike". Waya huo ulikuwa umeua kizuizi kizima. Ukiuona tena, ukate, kisha uripoti.

M3. Kutu ya sakafu. K6: ukaguzi wa unene wa bati tangi likiwa tupu. K7: hesabu ya akiba ya kila siku, upungufu wa siku tatu mfululizo unasimamisha tangi.

M4. Bomba kupasuka, hasa likigongwa na gari. K8: nguzo za zege kwenye kona ya lango la pili. Nguzo mbili kati ya sita zimeng'oka, kwa hiyo kwa sasa K8 ni nusu kizuizi.

Upande wa kulia

P1. Vihisi vya mvuke ndani ya ukuta wa kuzingira tangi. Vikilia, opereta anabonyeza kitufe cha kusimamisha bohari nzima, magari yote yanazima injini *yalipo*. Dereva asiwashe gari ili akimbie nalo. Hii ni kwa W1 na W2. Usiku usio na upepo ndio mbaya zaidi, maana wingu halitawanyiki.

P2. Ukuta wa kuzingira, unaobeba asilimia 110 ya tangi. Valvu yake ya maji ya mvua inakaa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa msimamizi. Masika watu huiacha wazi "maji yaishe". Ikiwa wazi, ukuta ni pambo tu na W3 haina kizuizi.

P3. Povu juu ya dimbwi hata kabla halijawaka, ili mvuke usitoke. Pampu ya moto ya pili ijaribiwe kwa sababu hii: Buncefield wingu lilifika kwenye nyumba ya pampu ya moto. Yetu ya kwanza iko mita 40 tu kutoka tangini.

P4. King'ora, simu 114 kwa Zimamoto, na simu kwa mwenyekiti wa mtaa. Hii ni kwa W4, na tusiione ndogo. Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, na moto ukaua zaidi ya 100. Walinzi wanafunga barabara pande zote mbili kabla ya kupiga simu nyingine yoyote.

Hali ya vizuizi leo

K3 ilipimwa mara ya mwisho miezi mitano iliyopita, na kufuli ya mkono wake haionekani. K8 ni nusu. P2 imefungwa, nimeishika mwenyewe. Pampu ya pili iliwaka kwa jaribio la tatu, betri ni dhaifu.

Fundi wa vipimo anapima K3 na kufunga kufuli Jumatano, mbele ya msimamizi. Betri inabadilishwa siku hiyohiyo. Kama kimoja kati ya hivi viwili hakijasainiwa, meli ya Ijumaa inapelekwa Tangi Na. 5.