Mpango wa Somo la Pamoja: Kulinganisha Sehemu, Darasa la Tano

Wahusika: walimu wa Hisabati wa 5A, 5B na 5C. Kipindi kimoja, dakika 40.

Kinachotusumbua. Kwenye zoezi la wiki iliyopita wanafunzi wengi waliandika kuwa 1/5 ni kubwa kuliko 1/3 "kwa sababu tano ni kubwa kuliko tatu". Wakiambiwa watafute asili ya pamoja wanapata jibu. Wakiachwa wenyewe wanatazama tarakimu. Tunataka kujua: mwanafunzi akikata na kupima kabla ya kupewa kanuni, ataweza kueleza kwa maneno yake kwa nini asili ikiongezeka kipande kinapungua?

Kupanga: Jumatatu baada ya vipindi, saa moja na nusu. Tunaandika andalio moja tangu mwanzo. Asije mtu na lake tayari, maana tutaishia kuyaunganisha. Muda mwingi uende kwenye maswali mawili na majibu tunayoyatarajia.

La kwanza: ipi kubwa, 1/3 au 1/5? Kila jozi ipewe kanda za karatasi za sm 30, zote sawa, kwa sababu kanda zikipishana urefu ulinganisho umeharibika. Theluthi itakuwa sm 10, sehemu ya tano sm 6, na robo ya swali linalofuata sm 7.5.

La pili ndilo lenye mtego: 2/3 au 3/4? Wapo watakaosema zinalingana, kwani kila moja imebakiza kipande kimoja kufikia kizima. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, kwa hiyo mwalimu asiikatae. Aulize tu: kati ya vipande vilivyobaki, kipi kidogo? Dakika 15 zitengwe hapa, hata kama mazoezi ya mwisho yatapungua.

Kufundisha: Jumatano, kipindi cha pili, 5A. Anafundisha mwalimu wa 5A. Wawili tunatazama, kila mmoja wanafunzi watatu aliowachagua mapema: mwepesi, wa wastani na anayepata shida. Hatumsaidii mwanafunzi, hata akituomba. Tunaandika alichofanya na alichosema. "Haelewi" haitoshi, "alikunja ukanda mara mbili, akahesabu mikunjo mitatu, akaandika 1/3" inatosha.

Majadiliano: siku hiyohiyo, dakika 45. Aliyefundisha anaanza, kisha ushahidi wa daftari zetu. Mapendekezo yasubiri mpaka ushahidi wote usomwe. Somo ni la wote watatu, hivyo hakuna "kipindi chako". Tubadilishe mambo mawili tu, la sivyo hatutajua lipi limesaidia.

Marudio: Jumatano inayofuata, 5B. Anafundisha mwalimu wa 5B, wengine wanatazama.

Mwalimu wa 5C atakata kanda na kupiga chapa andalio. Wa 5B amwone mwalimu wa taaluma kesho kuhusu kubadilishana vipindi. Bila hilo madarasa mawili yatabaki bila mwalimu siku hizo.