Utaratibu wa Fedha Ndogondogo: Ghala la Dagaa, Kibirizi

Unawahusu wote wa ghala la Kibirizi na ofisi ya Mwanga, Kigoma, kuanzia tarehe 1 Julai.

1. Kiwango

Wakati wa giza, boti zinapotoka kuvua, kasha linakaa na shilingi 300,000. Mbalamwezi ikiingia na kazi ikapungua, kiwango ni 150,000. Kinachozidi kinapelekwa benki. Malipo ya mara moja yasizidi 30,000, na kuyakata vipande ili yapite ni kosa hata kama kazi imefanyika kweli.

Fedha hii ni ya mkokoteni, bodaboda, viroba, LUKU na mengine ya aina hiyo. Hainunui dagaa wala haikopeshi mtu. "Nitarudisha kesho" si vocha.

2. Vocha

Kila shilingi inayotoka ina vocha yenye namba, tarehe, kiasi kwa tarakimu na maneno, sababu, na saini za mpokeaji na meneja. Meneja akiwa ndiye mpokeaji, mhasibu anaidhinisha. Dukani tunadai risiti ya EFD. Mpagazi wa mwaloni hana risiti, kwa hiyo aandikwe jina na namba ya simu, aweke saini au dole gumba.

Neno "usafiri" peke yake halitoshi. Andika: "bodaboda Kibirizi hadi Mwanga, kupeleka sampuli." Vocha iliyokosewa isichanwe, ipigwe mstari, iandikwe IMEFUTWA, ibaki kitabuni.

3. Mtunza kasha

Ni mmoja, na ufunguo ni wake. Wa akiba unakaa kwa meneja ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa. Akitoka hata nusu siku, fedha zinahesabiwa mbele ya anayempokea, wote wanasaini. Hachanganyi fedha za kasha na zake, wala hazipitishi kwenye simu yake. Anahesabu kila jioni.

4. Upungufu

Taslimu na vocha vikijumlishwa lazima vifike kiwango. Mfano: kiwango 300,000, vocha 187,500, taslimu iwe 112,500. Ikikutwa 104,500, pungufu ni 8,000.

Mtunza kasha asijazie kutoka mfukoni. Tunajua wengi hufanya hivyo kwa aibu, lakini pengo lililozibwa kimya halichunguziki. Amwambie meneja jioni hiyohiyo. Wanahesabu upya wawili, kisha mhasibu anafuata vocha moja moja tangu hesabu ya mwisho iliyolingana: namba iliyorukwa, tarakimu iliyogeuzwa, 12,000 iliyosomwa 21,000. Waliolipwa wanapigiwa simu. Mtunza kasha anatoa maelezo ya maandishi ndani ya siku 3, na anaweza kuja na mwenzake wakati wa kuhojiwa.

Pungufu lisilozidi 5,000, la kwanza katika miezi 6, linaandikwa hasara. Likizidi hapo au likijirudia, linakwenda kwenye kamati. Hakuna kukata mshahara kwa hasira: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasivuke robo ya mshahara wake.

Ziada nayo inachunguzwa vilevile. Mara nyingi ni mpagazi ambaye hajalipwa.