Sudoku ya Mwanaidi: jozi ya 2 na 5 inavyofungua mstari wa 6

Mdogo wangu Mwanaidi, picha imefika. Kivuli cha mkono wako kimeangukia pembe ya chini, lakini namba zote zinasomeka isipokuwa moja, M8S8, ambayo yaweza kuwa 1 au 7. (M ni mstari, nahesabu kutoka juu, S ni safu, kutoka kushoto.) Mstari wa 8 una 7 tayari kwenye safu ya 4, basi hiyo ni 1. Nimenakili hivi, nukta ni kichumba kitupu. Linganisha kwanza na karatasi yako, maana namba moja ikinakiliwa vibaya kazi yote inaharibika.

```
. 8 4 | . 9 3 | . 7 1
1 3 6 | . 7 4 | 8 . 9
9 7 . | 6 8 1 | . . .
------+-------+------
8 4 1 | 3 5 6 | . . 7
3 6 9 | 8 . 7 | . 4 .
. . 7 | 4 . 9 | . . 8
------+-------+------
6 1 . | 9 3 . | 7 8 4
4 9 8 | 7 6 . | . 1 3
7 . 3 | 1 4 8 | 9 . 6
```

Vimebaki vichumba 25. Umeniambia kila unapogusa unakuta 2 au 5, na unataka kubahatisha. Usibahatishe. Kila namba hapa ina sababu, na nitakutajia jina la sababu hiyo.

Naanza na namba iliyojificha, yaani namba ambayo katika mstari fulani imebakiwa na kichumba kimoja tu cha kukaa, hata kama kichumba chenyewe kinaonekana kinaweza kupokea nyingine. Mstari wa 1 unadai 2, 5 na 6. Safu ya 1 ina 6, safu ya 4 nayo ina 6. Kwa hiyo M1S7 = 6. Mstari wa 3 unadai 2, 3, 4, 5; safu za 3, 8 na 9 zote zina 4, basi M3S7 = 4.

Sasa jozi wazi, na hapa ndipo ulipokwama. Vichumba viwili vya mstari mmoja vikiwa na chaguo zilezile mbili tu, namba hizo mbili ni zao. Hatujui ipi iko wapi, ila tunajua hazitoki hapo, na wengine wote wa mstari huo wanazikosa. Mstari wa 3: safu ya 3 na safu ya 9 kila moja inakosa 2 na 5 pekee, kwa hiyo M3S3 na M3S9 ni jozi. M3S8 inabaki na 3.

Mstari wa 6 ni hivyo hivyo, na ndio mzuri kuliko yote. Unadai 1, 2, 3, 5, 6. Safu ya 1 inakosa 2 na 5, safu ya 2 inakosa 2 na 5: M6S1 na M6S2 ni jozi. Tazama M6S5. Safu ya 5 inakosa 1 na 2, na 2 imeshachukuliwa na jozi. M6S5 = 1. Ungeitafuta 1 kwa kupekua mstari usingeipata, kwa sababu M6S7 nayo ilikuwa inaikubali. Jozi ndiyo iliyoamua. M6S8 imebaki na 3 au 6, lakini 3 tumeiweka juu yake kwenye safu ya 8, basi ni 6 (namba pekee: kichumba kimebakiwa na chaguo moja). M6S7 inapata 3.

Kuanzia hapa fundo limelegea. M5S5 = 2, nafasi ya mwisho ya safu ya 5. M5S9 ilikuwa 2 au 5. Mstari wake sasa una 2, kwa hiyo ni 5, namba pekee. M5S7 = 1, nafasi ya mwisho ya mstari.

Zinazofuata karibu zote ni nafasi ya mwisho, moja ikiivuta nyingine. Safu ya 9: M3S9 = 2. Mstari wa 3: M3S3 = 5. Safu ya 3: M7S3 = 2. Mstari wa 7: M7S6 = 5. Safu ya 6: M8S6 = 2. Mstari wa 8: M8S7 = 5. Rudi juu kushoto: kisanduku cha kwanza kinakosa 2 tu, M1S1 = 2. Safu ya 1: M6S1 = 5. Mstari wa 6: M6S2 = 2, na jozi yetu imepata makao. Safu ya 2: M9S2 = 5. Mstari wa 9: M9S8 = 2. M2S8 ni namba pekee, kwa kuwa mstari wa 2 unadai 2 na 5 na safu ya 8 imeshapata 2: weka 5. M2S4 = 2, M1S4 = 5.

Vimebaki viwili. Safu ya 7 inakosa 2 tu: M4S7 = 2. Hii ungeweza kuiandika tangu mwanzo kama namba pekee, kwani mstari wa 4 ulidai 2 na 9, na safu ya 7 ina 9 pale chini. M4S8 = 9.