Kabla masika hayajaanza: kazi za nyumba yako, fundi kwa fundi

Ndugu mwenye nyumba,

Wateja wetu wengi wa Goba, Mbezi na Tegeta hutoka alfajiri na kurudi usiku, nyumba wakamwachia dada wa kazi. Koki ya jikoni inavuja tangu Krismasi, swichi ya korido inatoa cheche, mlango wa choo haufungi. Jumamosi kuna harusi, Jumapili kuna ibada. Ndiyo maana tumepanga hapa kazi zetu kwa fani. Soma huku unazunguka nyumba na simu mkononi, piga picha kila unachokiona, kisha ututumie zote kwa mkupuo. Fundi akija mara moja kwa kazi saba unalipa nauli moja. Ukimwita mara saba, hesabu unaijua.

Tumeanza na paa na kumaliza na rangi kwa makusudi. Mteja mmoja alitangulia kupaka sebule, rangi nzuri kabisa ya maziwa, na wiki ya tatu tukalazimika kuvunja ukuta uleule kufuata bomba lililokuwa likivuja ndani. Alilipa rangi mara mbili.

Paa na gata

Masika huanza Machi, kwa hiyo Februari ndiyo mwezi wa kupanda juu. Tunakagua misumari ya bati na mipira yake, tunaziba matundu, tunatoa majani kwenye gata. Tunapanda asubuhi tu. Saa 7 mchana bati la Dar halikanyagiki.

Bomba na maji

Hapa ndipo hela nyingi hupotea kimyakimya. Fanya jaribio hili kabla hujatuita: usiku, funga koki zote na hakikisha tangi limejaa, soma mita ya maji, lala, isome tena asubuhi kabla mtu hajanawa. Namba ikiwa imesogea, maji yanakwenda mahali. Mara nyingi ni flota ya tangi isiyofunga, na maji humwagikia nyuma ya nyumba asione mtu. Kama una pampu inayojiwasha yenyewe saa 8 usiku wakati wote mmelala, hilo nalo ni jibu: kuna bomba linavuja upande wa ndani.

Choo cha kukaa tunakijaribu kwa kutia rangi ya chakula kwenye tangi lake la kuflashi. Ikionekana kwenye bakuli baada ya dakika 20 bila mtu kuflashi, mpira wa chini umechoka. Ni kazi ya nusu saa, na ufundi wake ni sh. 15,000, vifaa mbali.

Wengi hulalamika kwamba maji ya bafuni juu hayana nguvu, na wazo la kwanza ni kununua pampu. Tupigie kwanza. Kila mita 10 za kimo hukupa baa 1 ya msukumo. Tangi likiwa mita 3 tu juu ya bafu unapata baa 0.3, na hita nyingi za papo kwa papo hazikubali kuwaka kwa msukumo huo. Wakati mwingine tunainua mnara wa tangi, wakati mwingine shida ni bomba jembamba au kichwa cha bafu kilichojaa chumvi, na hapo siki ya sh. 2,000 inatosha.

Kuzibua sinki, kubadili koki, kuunganisha mashine ya kufulia, kufungua chemba: vyote tunafanya. Kunyonya maji taka hatufanyi. Hiyo ni kazi ya gari lenye kibali.

Umeme

Kwenye fani hii hatumtumi fundi wa kila kitu, hata kama mikono yake ni mizuri. Anayekuja ana leseni ya EWURA, na una haki ya kumwambia akuonyeshe hapo mlangoni.

Tuite haraka, usisubiri orodha ijae, ukiona soketi imebadilika rangi kuwa kahawia, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au ukipigwa shoti kidogo unapogusa koki ya bafuni. Hilo la mwisho watu hulichekea. Linaashiria kwamba umeme unavuja na waya wa ethi haufanyi kazi yake, kwa hiyo zima meni swichi na usiruhusu watoto kuoga mpaka tufike.

Hita ya bafuni ya wati 5,500 inakula karibu ampea 24 kwenye umeme wetu wa volti 230. Waya wa milimita 1.5 uliowekwa kwa ajili ya taa hauwezi. Tunavuta waya wake peke yake, wenye breka yake. Na tafadhali, breka ikikatika mara kwa mara usituombe tuweke kubwa zaidi. Breka inalinda waya. Ukiikuza, utakaoungua ni waya ulio ndani ya ukuta.

Kazi nyingine: taa za nje zinazoingiza maji na kukata umeme kila mvua ikinyesha, feni za dari, kuongeza soketi ili uachane na ekstensheni tatu zilizopandana nyuma ya televisheni. Kwenye boksi la breka tafuta kitufe chenye herufi T na ukibonyeze: umeme unatakiwa ukatike papo hapo. Usipokatika, au kama huna kitufe hicho kabisa, tuandikie. Matatizo ya LUKU na waya wa kutoka nguzoni hatugusi, hayo ni ya TANESCO.

Milango, vitasa na madirisha

Mlango wa mbao uliovimba wakati wa mvua tunakushauri uvumilie. Ukirandwa Aprili, Julai utaona mwanga kupitia pembeni. Bawaba, vitasa, roli za madirisha ya aluminiamu na nyavu za mbu tunabadili siku hiyohiyo. Njia za mchwa ukutani usizifute kabla hatujaja, zinatuonyesha walikotokea.

Vigae

Gonga kwa kifundo cha kidole. Kinacholia tupu kimeachia. Tunza vigae vyako vya akiba, rangi ileile hutaipata tena dukani.

Rangi

Ukuta unaotoa unga mweupe na kubabuka kwa chini una unyevu na chumvi. Rangi juu yake haimalizi mwaka. Tunatafuta maji yanakotoka, tunakwangua hadi plasta, tunaacha pakauke, ndipo praima. Plasta mpya tunaiacha siku 28, hata mteja akinuna.

Kuhusu ndoo: lita moja hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 kina ukuta wa mita za mraba 35 hivi ukitoa mlango na dirisha, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7. Fundi akikuandikia ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hicho, ana chumba kingine kwao.

Tunavyofanya kazi

Kukagua ni sh. 20,000, nazo zinakatwa kwenye ufundi ukitupa kazi. Vifaa unanunua mwenyewe au tunanunua na kukuletea risiti. Huhitaji kuomba ruhusa kazini: tunatuma picha kabla na baada, na nusu ya malipo unabaki nayo mpaka ujioneye jioni. Tuandikie kwa namba iliyokuletea ujumbe huu, Jumatatu hadi Jumamosi. Taja mtaa, alama ya kuonea njia, na jina la atakayetufungulia. Na kama kuna mbwa, afungwe kabla hatujapiga hodi.