Dakika Kumi na Mbili

Zawadi alidhani foleni ameiacha Kimara, kwenye kituo cha mwendokasi, ambako mabasi mawili yalimpita yamefurika na la tatu akaingia kwa kusukumwa mgongoni. Kumbe nyingine ilikuwa inamsubiri Posta, ghorofa ya sita. Saa moja kamili asubuhi alivaa hedifoni na kutazama skrini ya ukutani: wateja 41 wanasubiri. Tarakimu zilikuwa nyekundu.

"Usiiangalie hiyo," alisema dada Rehema, msimamizi wa zamu. "Dakika tatu kila mteja. Salamu, jina, shida, kwaheri."

Wa kwanza alikuwa amesahau namba ya siri. Wa pili alituma pesa kwa namba isiyo yake. Wa tatu alikata simu mwenyewe.

"Habari za asubuhi, unaongea na Zawadi, nikusaidie nini?"

Kimya. Kisha sauti ya kikongwe: "Huko mjini shikamoo imeisha?"

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mama hajambo?"

Mama hajambo. Baba naye hajambo. Dakika moja ikawa imekwenda, na hapo ndipo shida ilipotoka: bibi yuko Muheza, anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, umeme umekatika tangu usiku, na LUKU ya elfu tano aliyoinunua meseji yake ameifuta mjukuu, akitafuta nafasi ya gemu kwenye simu.

Zawadi aliuona muamala. Namba ipo, tarakimu 20.

"Chukua kalamu, bibi."

"Kalamu kwa macho haya? Juma! Njoo na mkaa!"

Juma akaandika ukutani. Nne nne, pole pole, Zawadi akisoma, bibi akipokea kwa sauti kama anaitikia dua, Juma akifuata nyuma. Wakaenda kwenye mita. Mita ikakataa. Juma alikuwa ameandika tisa penye sita. Wakaanza upya. Ukutani 41 ilishakuwa 52, na Zawadi alisikia manukato ya dada Rehema nyuma ya kiti chake, yametulia hapo hapo, hayaendi.

Mara mlio mfupi, halafu kitu kikaanza kunguruma upande wa Muheza.

"Friji hilo!" bibi alipiga kelele. "Mwanangu, Mungu akupe mume mwenye akili!"

Simu ikakatika. Dakika 12 na sekunde 8.

"Na mbuzi wake umewaulizia?" alisema dada Rehema.

"Samahani, dada."

"Pokea."

Zawadi alibonyeza, kinywa kikatangulia akili: "Shikamoo!"

Upande wa pili kijana alikohoa, akaivuta sauti iwe nzito: "Marahaba, mjukuu wangu." Nyuma yake wenzake, kijiweni bila shaka, walikuwa wanavunjika mbavu.